Naomba ushauri: nusu marathoni 1:45, nipange marathoni kwa saa ngapi?

Wakuu, habari za Mwanza. Nimekimbia nusu marathoni kwa 1:45:00 na sasa najiandaa kwa kilomita 42.195. Nimetumia fomula ya Pete Riegel:

```
T2 = T1 * (D2/D1)^1.06
```

Umbali unazidishwa mara mbili, lakini muda unazidishwa kwa 2.085, maana kasi hushuka kadiri safari inavyorefuka. Napata kama 3:39, yaani 5:11 kwa kilomita.

Shaka yangu ni hicho kipeo 1.06. Kilomita 10 nakimbia kwa dakika 46. Nikilinganisha na nusu yangu, kipeo changu mwenyewe kinatoka karibu 1.10, na marathoni inakuwa 3:45, au 5:20 kwa kilomita. Tena kwa wiki sifikishi kilomita 45, na mbio zangu ndefu, Kirumba hadi Igoma na kurudi nikizungukia Capri Point, haziwahi kuvuka 24. Fomula haijui hayo, wala jua letu la saa tatu asubuhi.

Mliowahi kujaribu: nianze na 5:20, au hata hiyo ni tamaa na kilomita ya 32 itaniumbua? Nani alitumia kipeo chake mwenyewe kikamtoa salama?