Kigoma: ruta ya laini 38 Mbps au faiba 10 Mbps kwa simu za video? Nisaidieni kusoma namba

Bi_Mwanga
Wakuu habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kwa Zoom, wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani, nami niko Mwanga hapa Kigoma. Natumia ruta ya laini ya 4G. Sasa faiba imefika mtaani, jirani kaniruhusu nipime kwake kabla sijalipia. Nimepima zote mbili saa mbili usiku kwa programu ya Speedtest kwenye simu.

Ruta ya laini: Download 38, Upload 7, Ping 41, Jitter 19, Packet Loss 0%.
Faiba: Download 10, Upload 10, Ping 26, Jitter 3, Packet Loss 0.8%.

Kwa macho yangu laini inashinda, kasi karibu mara nne na hakuna kinachopotea. Lakini ndiyo hiyo hiyo ambayo wanafunzi wananiambia "mwalimu umeganda". Nibaki au nihame?

Mgebuka
Baki na 38. Faiba ya 10 watoto wakifungua katuni tu umekwisha.

Kijana_wa_Kasulu
Mkuu Mgebuka, Zoom ya watu wawili kwa picha safi ya 720p inataka kama 1.2 Mbps kwenda na kurudi. Hata 10 ni nyingi. Dada, wewe angalia Ping tu. Ikiwa chini ya 50 umemaliza, na zote zako ziko chini ya 50. Chagua ya bei nafuu.

Fundi_Gungu
Kijana, kwa Mbps umesema kweli. Kwa Ping umeishia nusu ya njia. Ile namba kubwa ya Ping inapimwa laini ikiwa imekaa kimya, kabla haijaanza kushusha wala kupandisha chochote. Na hakuna mtu anayefundisha laini ikiwa kimya.

Bi Mwanga, fungua tena matokeo yako. Pale kwenye Ping kuna namba tatu ndogo. Ya kwanza ni ya kimya, ya pili ina mshale wa chini, ya tatu mshale wa juu. Tuletee ya pili na ya tatu kwa zote mbili.

Bi_Mwanga
Sikuwahi kuzitazama. Laini: 41, 320, 870. Faiba: 26, 95, 140. Ni milisekunde hizo?

Fundi_Gungu
Ndiyo, milisekunde, na hiyo 870 ndiyo inayokugandisha.

Ruta inapopokea data nyingi kuliko mnara unavyoweza kuichukua, haiitupi. Inaipanga foleni. Upload yako ni 7 Mbps na foleni imefika karibu milisekunde 870. Ukizidisha unapata takriban megabiti 6, yaani kama kilobaiti 760 zinasubiri zamu. Sauti yako ya Zoom ikifika pale inakaa nyuma ya hizo zote. Haijapotea, ndiyo maana Packet Loss inasoma 0%, lakini imechelewa karibu sekunde nzima, na Zoom haiwezi kuingoja hivyo.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika mwongozo wake wa G.114 limeweka 150 kwa upande mmoja kama kiwango ambacho mazungumzo bado ni ya kawaida, na 400 kama ukomo wa kupanga mtandao. Zoom wenyewe wanashauri ucheleweshaji usizidi 150, Jitter isizidi 40 na pakiti zinazopotea zisizidi 2%. Laini yako ikiwa kimya inapita mtihani huo wote. Ikijaa, haipiti hata kidogo.

Kijana_wa_Kasulu
Lakini mkuu, Zoom haijazi 7 Mbps. Inapandisha moja au mbili. Akiwa peke yake kwenye ruta hiyo 870 haitokei.

Fundi_Gungu
Hapo nakubali kabisa. Foleni inatokea kukiwa na kingine kinachopandisha kwa nguvu. Bi Mwanga, simu yako inahifadhi picha mtandaoni yenyewe? Kuna mtu nyumbani anatuma video WhatsApp wakati wa kipindi?

Bi_Mwanga
Picha ndiyo, zinajipandisha zenyewe simu ikishika waifai. Na kijana wangu ana kikundi cha vichekesho, anatuma video usiku kucha 😂

Baba_Bangwe
Nami naomba msaada hapo hapo. YouTube kwangu inakwama kila baada ya dakika mbili, Jitter inasoma 12. Shida ni Jitter?

Fundi_Gungu
Baba, YouTube inajaza akiba ya sekunde nyingi mbele, Jitter ya 12 haiisumbui kabisa. Wewe tazama Download saa hiyo inapokwama, pengine bando limepunguzwa kasi. Simu ya video haina akiba hiyo, kwa sababu mtu hawezi kusikia jibu ambalo bado halijasemwa.

Nesi_Katubuka
Mimi nauliza hiyo 0.8% ya faiba. Si ndiyo mbaya zaidi? Nilisoma kuwa inayotakiwa ni sifuri.

Fundi_Gungu
Dada Nesi, inategemea zimepoteaje. Sauti hutumwa vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde. Ikipotea 1% kwa kutawanyika, ni kipande kimoja kila sekunde mbili, na programu inakiziba usisikie. Lakini vikipotea vipande 50 mfululizo ndani ya sekunde 100, hiyo nayo ni 1% ile ile, na mwanafunzi amekosa sekunde nzima ya somo. Kipimo kinakupa asilimia bila kukuambia mpangilio. Kwa hiyo 0.8% ipo ndani ya 2% ya Zoom, ila siipitishi wala kuikataa mpaka tujue inatoka wapi.

Njia ni kupima vipande vya barabara kimoja kimoja. Kwa kompyuta ya Windows, kwanza ruta peke yake, halafu nje, kwenye seva ya Google:

```
ping -n 300 192.168.1.1
ping -n 300 8.8.8.8
```

Kila moja inachukua kama dakika tano. Anwani ya ruta inaweza kuwa nyingine, imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Ikiwa zinapotea hata kwenda kwenye ruta iliyo humo ndani, kosa si la kampuni ya faiba.

Bi_Mwanga
Nimerudi kwa jirani na kompyuta. Waifai, nikiwa chumba cha pili: kwenda kwenye ruta zimepotea 3 kati ya 300. Kwenda nje zimepotea 4. Kisha nikachomeka waya: ruta 0, nje 0. Nilikaa mezani na jirani mpaka kahawa ikaisha.

Fundi_Gungu
Basi uchafu wote ulikuwa kwenye waifai, faiba yenyewe ni safi. Nyumba za matofali ya kuchoma zinakula sana mawimbi. Fundisha kwa waya, au ruta ikae chumba unachofundishia.

Na uangalie orodha ya majibu, si mstari wa mwisho tu. Chukua majibu kumi kama haya: 24, 25, 24, 26, 310, 25, 24, 25, 24, 25. Jibu la kawaida hapo ni 25, ungesema laini nzuri. Lakini Jitter ni wastani wa tofauti kati ya jibu na linalofuata, na hapo inatoka kama 64, kwa sababu ya ruko moja tu la 310. Ndiyo maana mtu anaonyesha Ping nzuri na Jitter mbaya kwenye kipimo kimoja, akadhani programu imekosea.

Mgebuka
Sasa mbona 8.8.8.8? Wanafunzi wake wako Ujerumani.

Fundi_Gungu
Swali zuri. Speedtest huchagua seva ya karibu, mara nyingi Dar. Kutoka hapa mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kupungua 12. Ping yake ya 26 ni nzuri sana. Ulaya ni hesabu nyingine. Dar hadi London kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 7,500, hapo tu ni 75, na nyaya za baharini hazinyooki. Hiyo haina dawa kwa kampuni yoyote. Bonyeza jina la seva kwenye Speedtest, chagua ya Frankfurt, upime tena. Hiyo ndiyo hali ya darasa lake.

Kijana_wa_Kasulu
VPN inapunguza. Kwangu iliwahi kushusha Ping ya Ulaya.

Mgebuka
Kwangu iliongeza.

Fundi_Gungu
Mko sawa wote wawili, inategemea njia ambayo kampuni yako inapitisha data. Sitabishania hilo hapa.

Bi_Mwanga
Frankfurt kwa faiba na waya: 168, Jitter 4. Kwa laini: 186, Jitter 31, na ikijaa upande wa kupandisha inapita 1000. Kwa hiyo 168 imezidi ile 150 ya Zoom?

Fundi_Gungu
168 ni kwenda na kurudi. Ile ya ITU ni ya upande mmoja, kwa hiyo yako ni kama 84, kisha programu inaongeza yake kidogo ya kusawazisha ile Jitter. Ya Zoom umeizidi kidogo, na mtajikuta mnakatishana maneno mara moja moja. Darasa litakwenda.

Ukibaki na laini, zima uhifadhi wa picha, na kwenye ruta tafuta Bandwidth Control uibane Upload iwe 6 ili foleni isijengeke. Lakini hapo pana tatizo: kikomo hicho kinafaa laini ikiwa imetulia. 4G ikishuka hadi 2 Mbps usiku, kikomo cha 6 hakizuii chochote. Faiba ya 10 ukiibana kwa 9 inakaa vile vile asubuhi na usiku.

Nesi_Katubuka
Hiyo Jitter ya laini usiku, 31, ni mnara kujaa au ni waifai tena?

Fundi_Gungu
Siwezi kujua kwa hizi namba, kipimo cha laini kilifanywa kwa simu. Apime kwa waya saa mbili usiku na tena saa kumi alfajiri. Ikibaki juu alfajiri, mnara haujajaa saa hiyo, tutafute kwingine.

Bi_Mwanga
Saa kumi alfajiri niko usingizini mkuu, labda Jumamosi. Nimeshamwambia fundi wa faiba aje kesho.

Baba_Bangwe
Umeme ukikatika je? Ruta ya laini ina betri yake.

Fundi_Gungu
Hapo laini inashinda. Ya faiba ina kisanduku cha ukutani, wakati mwingine na ruta pembeni, na vyote vinataka umeme. Vingi ni vya volti 12, kwa hiyo betri ya volti 12 inaweza kuviwasha, ila soma kibandiko kwanza. Usiitupe laini ya zamani, iweke na bando dogo.