Seva ya ofisini au wingu: kumbukumbu za wateja wa mkopo zikae wapi?

MuuzaSpea: Wakuu, nina duka la spea Mwanza, wateja wa mkopo 800 hivi: majina, simu, nakala za vitambulisho vya NIDA na madeni yao. Vyote viko kwenye kompyuta ya kaunta. Ninunue seva ya ofisini au nihamie kwenye wingu?

Kidawa: Wingu. Kompyuta ikiibiwa hupotezi kitu, wenyewe wanatunza nakala.

FundiNyaya: Kwa wizi na moto, sawa kabisa. Kwa virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, sivyo. Folda inayojioanisha na wingu hupeleka juu kila badiliko, hata baya. Faili likifungwa kaunta, muda si mrefu na la kule limefungwa. Kinachokuokoa ni matoleo ya nyuma, na huduma nyingi huyatunza kwa muda tu, mfano siku 30. Seva ya ofisini nayo huponzwa na diski ya bakapu iliyoachwa imechomekwa: virusi vinaiona kama diski nyingine yoyote na kuifunga pia.

BabaStoo: Mnazunguka. Tatizo ni umeme. UPS na diski mbili za RAID 1, zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, kazi imeisha.

FundiNyaya: RAID 1 inakusaidia diski moja ikifa. Karani akifuta deni kimakosa, linafutika kwenye zote mbili papo hapo.

MuuzaSpea: Nikiwa safarini nataka kuona mauzo. Kuna fundi alinifungulia RDP kwenye ruta, niingie kwenye kompyuta ya duka nikiwa mbali.

FundiNyaya: Hapo ndipo wezi wanapopenda kupita. Washa laptopu kwa bando la simu, nje ya mtandao wa duka, ufungue PowerShell na uandike hivi, ukiweka anwani ya intaneti ya duka lako:

```
Test-NetConnection 203.0.113.10 -Port 3389
```

Ukiona `TcpTestSucceeded : True`, mlango uko wazi kwa dunia nzima. Ufunge kwenye ruta, upitie VPN, yaani njia ya faragha ya kuingia mtandao wa duka.

Kwa kuwa huna fundi wa kudumu, ningekupeleka kwenye wingu, ila iwe programu ya mauzo ya wingu, si folda. Kila karani na akaunti yake. Msimbo wa kuingilia utoke kwenye programu ya simu, si SMS, maana laini hutekwa. Kila Jumamosi pakua nakala kwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, uichomoe, ikalale nyumbani. Mara moja kwa mwezi ifungue kwenye kompyuta nyingine: hesabu wateja kama wanatimia, fungua kitambulisho kimoja uone kama kinasomeka.

Kidawa: Na seva zikiwa nje ya nchi?

FundiNyaya: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa nje. Muulize mwenye huduma data inakaa nchi gani, kisha uulize Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kuhama.

BabaStoo: UPS bado mnaihitaji.

MuuzaSpea: Nimejaribu ile amri. Imeleta True. Naenda kwenye ruta sasa hivi.