Mama anaona vinyota kwenye meseji, nimweleweshe vipi?

Habari wakuu. Mama yangu ana miaka 68 na simu janja ndiyo kwanza ameipata. Jana nilimwandikia WhatsApp kuhusu dawa: `Meza dawa * saa 2 usiku *`. Akapiga: "Mwanangu, hivi vinyota viwili ndiyo idadi ya vidonge?" Nilishtuka. Nilitaka maneno yakolee tu, kumbe niliacha nafasi kati ya kinyota na neno. Ukivigusanisha, `*saa 2 usiku*`, vinatoweka na maandishi yanakolea. Kwenye SMS ya kawaida vinabaki vilevile. Mimi nimeacha kuviweka, naandika sentensi fupi, jambo moja kwa meseji. Ila kundi la ukoo bado linamjazia. Nimwelezeje bila kumfanya ajione hajui kitu?