Matajiri wa daladala, mvua ikinyesha mbona tunalowa sisi tu?

Suka_Mbagala: Wakuu, nimechoka. Naendesha Kosta ya mtu, hesabu laki moja kwa siku, mvua inyeshe, jua liwake. Jana mvua tangu alfajiri, foleni haisogei, nimekata tripu nne badala ya saba. Nikitoa wese imebaki 110,000. Tajiri kachukua laki yake, ile elfu kumi nikagawana na konda. Saa kumi alfajiri mpaka saa nne usiku, nimeondoka na 6,000!

Siku nzuri inabaki 160,000, tunapata 60,000, sikatai. Ila dizeli ikipanda 300 kwa lita, natumia lita 40, 12,000 inatoka kwetu. Kwani mimi ndiye niliyepandisha? Tajiri ana Kosta tano, moja ikilala nne zinamlisha. Mimi nina hii hii.

MamaKosta: Mdogo wangu, mimi nilijaribu mshahara. Nikapita saa nane mchana, nikakuta gari chini ya mwembe, konda kalala siti ya nyuma. Jioni naletewa 40,000, eti abiria hakuna. Hesabu ndiyo inayowaamsha.

Boda_wa_Tandika: Mimi pikipiki ya mkataba, nimelipa mwaka mzima, umebaki mwezi mmoja jamaa kaichukua. Nishtaki wapi?

Mzee_wa_Mahesabu: Boda, fungua uzi wako, hilo ni la mkataba kuvunjwa.

MamaKosta, kuhusu mwembe uko sahihi. Lakini dereva wa hesabu, kila shilingi ya juu ni yake na giaboksi ni yako, ndiyo maana anaikimbiza hadi inakufa. Hilo hulioni siku hiyohiyo.

Chukueni siku mbili za Suka. Hesabu ikishuka hadi 65,000 na kinachozidi mkagawana nusu kwa nusu, siku mbaya wao wanapata 22,500, nzuri 47,500. Wastani wao ni uleule 35,000, na wastani wako wewe tajiri ni laki ileile, ila pengo lao la 50,000 limekuwa 25,000. Gharama yake ni kwamba ile tripu ya mwisho ya usiku, wakivuna nusu tu, wataiacha.

MamaKosta: Na nitajuaje kakusanya ngapi? Atasema 110,000 kila siku.

Mzee_wa_Mahesabu: Hapo ndipo nusu kwa nusu inapokufa. Basi anzeni na wese. Bei kikomo ya EWURA wote mnaiona, na dereva hata akilala haibadiliki. Ikipanda 300, punguza hesabu 12,000. Hesabuni lita 40 zilezile, siyo risiti yake, la sivyo atakuletea risiti za lita 60. Uvivu haupati pa kujificha hapo, na jana, kama bei ilikuwa imeshapanda, Suka na konda wangebakiwa na 22,000.

Suka_Mbagala: Huyu mzee apewe soda!

MamaKosta: Sawa. Na bei ikishuka 300, utaniletea 112,000?

Suka_Mbagala: Aah, mama, hapo tuongee kwanza.