Karani amekata shilingi 5,000 na kuziita "ada ya kutuma", ilhali risiti inamkanusha

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi isivuruge hesabu. Dada yangu anayefanya kazi ng'ambo alimtumia mama fedha kupitia kampuni ambayo sitaitaja, kisha akaipiga picha risiti yake na kuituma kwa simu. Kwenye risiti imeandikwa kwamba mama atapokea shilingi 490,000, lakini kwa wakala alihesabiwa shilingi 485,000. Alipouliza, karani alimjibu kwamba tofauti hiyo ni ada ya kutuma. Alipouliza tena, aliambiwa kwamba risiti za nje hazisomwi hivyo. Mama akasaini, akaondoka.

Jibu la karani haliwezi kuwa la kweli. Mstari wa `Transfer Amount` unasema dola 200, wa `Transfer Fees` unasema dola 6, na jumla ni dola 206, ambazo ndizo alizolipa dada. Kwa hiyo ada ya kutuma ililipwa kule kule, tena juu ya zile dola 200 na si kutoka ndani yake, kabla mama hajajua kwamba kuna fedha njiani. Kisha kuna mstari wa `Exchange Rate`, unaosema kwamba dola 1 ni shilingi 2,450. Zidisha 200 kwa 2,450 upate 490,000 kamili, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye `Total to Recipient`. Ada ile ile haiwezi kulipwa mara mbili, mara ya kwanza na mtumaji na mara ya pili na mpokeaji.

Lipo na jambo la pili linaloniudhi, kwa sababu limetugombanisha nyumbani. Siku hiyo kiwango cha soko kilikuwa shilingi 2,530 kwa dola. Mjomba alichukua dola 206, akazizidisha kwa 2,530, akapata 521,180, kisha akasema mbele ya watu kwamba shilingi 31,180 zimeliwa na mtu. Nilikaa nikazitafuta. Dola 6 za ada, kwa kiwango cha soko, ni shilingi 15,180. Zinazobaki ni 16,000, nazo zinatokana na kampuni kutumia kiwango cha 2,450 badala ya 2,530, yaani shilingi 80 kwa kila dola, mara dola 200. Kampuni inatangaza ada ya asilimia 3 kwa maandishi makubwa, ilhali zaidi ya asilimia 3 nyingine imejificha ndani ya kiwango, mahali ambapo mtu asiyejua kiwango cha soko hawezi kuiona. Benki ya Dunia, inapopima gharama ya kutuma fedha, hujumlisha vyote viwili, na mataifa yamejiwekea lengo la kuishusha gharama hiyo chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Sisi tumelipa zaidi ya asilimia 6, na bado mtu wa dirishani akaona inafaa kuongeza mkato wake.

Ninaomba mwenye kuijua kazi hii aniambie zile 5,000 ni za nini.

Mpenda Haki: Pole sana, ndugu. Nakubaliana nawe kuhusu ada, ila umekuwa mpole mno kuhusu kiwango. Benki kuu hutangaza kiwango cha kila siku, na anayekulipa chini yake anavunja sheria. Dai zile 16,000 pamoja na 5,000.

Karani Mstaafu: Nimefanya kazi ya dirishani miaka mingi, kwa hiyo naomba nirekebishe hapo kwanza. Kinachotangazwa na benki kuu kwa kawaida ni kipimo cha kulinganishia. Hakiwi bei ambayo kila kampuni inalazimika kuitumia. Kampuni hupanga kiwango chake, na mtumaji alikiona na kukikubali kabla ya kulipa. Kwa hiyo 16,000 hutazidai ukazipata. Unachoweza kufanya ni kumwomba dada, safari ijayo, asilinganishe ada peke yake, bali aulize kila kampuni swali moja: nikitoa dola 206 kwa jumla, mpokeaji atapata kiasi gani mkononi? Kampuni inayojinadi kwamba haitozi ada yoyote inaweza kukupa kidogo kuliko zote.

Tazama pia kama karibu na kiwango kuna neno `Estimated`. Likiwapo, kiasi kinaweza kubadilika kidogo kabla ya fedha kutolewa. Lisipokuwapo, kiwango kilifungwa siku ya kutuma, na wakala hana ruhusa ya kukigusa.

Kuhusu zile 5,000, wakala hulipwa kamisheni na kampuni, hamtozi mpokeaji. Anatakiwa kutoa kiasi kilicho kwenye skrini yake. Zipo nchi zenye kodi au makato ya upande wa kupokea, lakini hayo nayo huonekana kwenye karatasi ya malipo. Mama alisaini karatasi yenye kiasi gani, na je, alipewa nakala?

Mama Wawili: Mimi pia walininyima fedha! Mwanangu alinitumia picha ya risiti, nikaambiwa namba ya kuchukulia haipo kwenye mfumo. Nadhani nawe namba yako ilikuwa na kasoro, ndiyo maana wakakata.

Karani Mstaafu: Mama, namba yenye kasoro haipunguzi fedha. Ama inafungua muamala wote, ama haifungui chochote. Katika picha yenye kivuli, 3 husomeka kama 8, na mara nyingine mtu huitaja namba ya risiti au namba ya simu badala ya ile ya kuchukulia. Hesabu tarakimu kwanza: MTCN ya Western Union ina tarakimu 10, namba ya kumbukumbu ya MoneyGram ina 8. Kisha mwombe mwanao akuandikie namba kwa maandishi mbali na picha, na ahakikishe jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Mwenye uzi, picha hiyo mliituma kwa nani?

Mleta uzi: Dada aliiweka kwenye kundi la familia. Mama alisaini karatasi, lakini hakupewa nakala na hakuvaa miwani.

Karani Mstaafu: Picha hiyo iondoeni, hata kama fedha zimekwisha kuchukuliwa, na zijazo zisiwekwe huko. Picha moja ina namba, jina la mpokeaji, jina la mtumaji na kiasi, na hayo ndiyo maswali anayoulizwa mtu dirishani. Kinachobaki ni kitambulisho, na vya kughushi vipo. Namba ipelekwe kwa mchukuaji peke yake.

Mwambie dada apige simu kwa kampuni akiwa na namba hiyo, aulize muamala ulifungwa kwa kiasi gani. Wakisema 485,000, makato yamo ndani ya mfumo na wanapaswa kuyaeleza. Wakisema 490,000, basi mtu alibaki na 5,000 za mama yenu.

Mpenda Haki: Kuhusu kiwango bado sijaridhika. Kukubali huku huna chaguo si kukubali.

Mleta uzi: Dada amepiga simu. Kampuni inasema muamala umefungwa kwa shilingi 490,000, bila makato yoyote. Nilirudi kwa wakala na jibu hilo pamoja na picha ya risiti. Meneja anadai kwamba karani aliyekuwa zamu ameelewa vibaya, lakini hataki kunionyesha karatasi aliyoisaini mama. Dada amefungua malalamiko ya maandishi kwa kampuni akidai nakala ya karatasi hiyo, naye mama ameandika kwa mkono wake kiasi alichopokea. Nitaleta majibu yao hapa hapa.