Leso moja, mitindo mitatu: huo wa tatu mnatuibia!

Mkomani_Kali: Jamani, hii video ya "leso moja, mitindo mitatu" ya Forodhani Lamu inayozunguka wiki hii imenitia hasira. Sketi ya kiunoni, sawa. Ushungi, sawa. Halafu anarusha leso ikafunika kamera, na ikitoka tu, kavaa gauni la kufunga shingoni na ncha zinaning'inia mpaka mgongoni! Zimetoka wapi? Leso iliyokatwa ina urefu wa kama sentimita 150. Kifua kikiwa 90, mgongo peke yake unakula 45. Kila ncha ipite kifuani hadi kisogoni, 45 nyingine, na 10 za fundo. Hizo ni 155. Hata fundo lenyewe lataka kubanwa! Ile ni doti haijakatwa. Tizameni kiunoni, pindo mbili zimeshikana. Na jina linasomeka kinyume juu yake.

Shela77: Jina kugeuka ni kwa kuwa kaivaa ndani nje, rangi ya leso hupenya.

FundiLangoni: Ingekuwa ndani nje ungeona rangi imepauka. Kibao cha duka nyuma yake nacho kimegeuka, kwa hivyo ni kamera ya mbele. Rekodi na ya nyuma, kwisha. Kuhusu gauni, Mkomani yuko sawa: kwa mwili huo, doti nzima, au ncha mbili uzifunge kwa kamba.

Ila msiulaumu mpito wa leso kufunika kamera. Simu iwe kwenye stendi, miguu iwekewe alama ya tepu. Leso irushwe kutoka kushoto, uendelee kurekodi mpaka skrini iwe nguo tupu. Klipu ya pili uianze leso ikiwa imefunika lenzi, uivute kuelekea kulia. Kata katikati ya kufunikwa. Yeye kakata mapema, ukuta ukachungulia pembeni, ndiyo maana mruko unaonekana. Wimbo wa midundo 120 kwa dakika hupiga kila nusu sekunde, yaani fremu 15 ukirekodi 30 kwa sekunde. Anza kurusha mdundo mmoja kabla, ili kufunikwa kuangukie mdundo wenyewe.

BintiMalindi: Mimi yangu huteleza kiunoni kabla hata sijairusha. Kikoi kingefaa zaidi?

FundiLangoni: Leso mpya ina wanga, dada. Ifue kwanza, ikauke, fundo litashika.

Mkomani_Kali: Sasa hapo mwanitatiza. Kama leso ndiyo sketi, hiyo anayoirusha ni ipi?

FundiLangoni: Aivue hiyo hiyo, ndani awe na dera. Wengi hurusha ya pili ya doti, haraka haraka hakuna anayeona.

Mkomani_Kali: Basi ni leso mbili! Kichwa cha video kiseme mbili.

Shela77: Doti huuzwa mbili, hiyo si moja?

Mkomani_Kali: Si moja! Kwani wewe huvaa zote mbili kiunoni?