Naomba ushauri: ada ya taka na mizunguko ya gari, kipi kinatangulia?

Habari wakuu. Tasnifu ni ya utawala wa umma, kuhusu uzoaji taka majumbani Dar es Salaam, kwenye mitaa ambayo mkandarasi anazoa na kukusanya ada mwenyewe. Nimekwama kwenye chanzo na matokeo. Wakazi wanasema hawalipi kwa sababu gari haliji. Mkandarasi anasema gari haliji kwa sababu hawalipi. Dodoso la siku moja litaniletea lawama za pande zote mbili, basi.

Tuchukulie mtaa wenye kaya 400, ada shilingi 3,000 kwa mwezi. Wakilipa wote ni 1,200,000. Kama safari moja hadi dampo la Pugu Kinyamwezi inakula 100,000 na ratiba ni safari 8, zinahitajika 800,000. Wakilipa nusu tu, ni 600,000: safari mbili zinakufa. Mfuko wa maganda ya ndizi ukikaa wiki kibarazani unavuja, mtu anautupa mtaroni, na mwezi unaofuata hana sababu ya kulipa.

Nawaza kufuata kaya 60 kwa wiki 12, nikiandika tarehe gari lilipopita na tarehe ya risiti. Nikianza masika, barabara mbovu zitazuia gari hata penye fedha, na hesabu itachafuka.

Je, nilinganishe mitaa miwili, wa lami na wa vumbi? Na daftari la safari nimwombe mtendaji wa mtaa au bwana afya wa kata?